Makanisa 150 Bila Mchungaji



Wiki iliyopita kijana mmoja wa kanisa letu alinijia baada ya ibada na swali ambalo wachungaji wengi tunaulizwa siku hizi. Alisema, "Mchungaji, wenzangu chuoni wananiambia Ukristo ni dini ya mzungu, ulikuja Afrika na meli ya mkoloni. Niwajibu nini?" Nilimwambia nipe siku chache, nitakuandikia. Na kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeulizwa hivyo, naandika hapa tusome sote. Lakini nakuonya mapema, mpendwa: jibu lenyewe linaanza kwa furaha na kuishia mahali pa kutufanya tunyamaze kidogo.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 8. Filipo anamkuta towashi mtu wa Kushi garini, anasoma Isaya. Alikuwa mtunza hazina wa Kandake. Wengi wetu tukisikia habari ile tunafikiria Ethiopia ya leo. Lakini Kandake halikuwa jina la mtu. Kilikuwa cheo cha malkia katika ufalme wa Kushi, na mji wao mkuu, Meroe, ulikuwa kando ya Nile katika nchi tunayoiita Sudan leo. Huko ndiko towashi alikokuwa akirudi, akishangilia.

Na nikisema Nubia, msichanganye na ndugu zetu Wanubi wa Kibra. Babu zao walikuwa askari waliotoka Sudan wakaja na jeshi la Waingereza, na wengi wao asili yao ni makabila mengine ya Sudan. Nubia ninayoizungumzia ni bonde la mto Nile kutoka Aswan, kusini mwa Misri, mpaka kupita hapo ilipo Khartoum leo.

Maandiko hayatuambii towashi alipofika nyumbani alifanya nini. Tunachojua ni kwamba ufalme wa Meroe ulianguka katika karne ya 4, na mahali pake zikainuka falme tatu. Kaskazini, karibu na Misri, ilikuwa Nobadia, mji wake mkuu Farasi. Katikati ilikuwa Makuria, mji wake Dongola. Kusini ilikuwa Alodia, mji wake Soba, karibu na Khartoum. Watu wa kaskazini walikuwa wakipanda mpaka hekalu la mungu mke Isisi katika kisiwa cha Filai. Mtawala wa Konstantinopoli, Yustiniano, alipolifunga hekalu hilo miaka ya 530, mlango wa injili ukafunguka.

Sasa sikilizeni jinsi injili ilivyoingia, maana habari hii aliiandika askofu aliyeishi wakati huo huo, Yohana wa Efeso. Yustiniano na mkewe Theodora hawakuwa wa mafundisho mamoja kuhusu uungu na ubinadamu wa Kristo, nyumba moja, mashemasi wa pande mbili. Kasisi mmoja mzee, Yuliano, alikuwa na mzigo wa Nubia, naye alikuwa wa upande wa malkia. Mfalme aliposikia, akaamua kutuma watu wake mwenyewe na zawadi nyingi. Theodora naye akamwandikia liwali wa kusini mwa Misri: ukiwaruhusu watu wa mfalme wapite kabla ya Yuliano, kichwa chako hakitabaki shingoni. Basi watu wa mfalme walipofika na kudai wanyama wa safari, liwali akawazungusha. Yuliano akapita kwanza. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 543.

Mfalme wa Nobadia na wakuu wake wakampokea Yuliano na kubatizwa. Joto lilikuwa kali mno, na Yohana anasema mzee yule alikuwa akikaa ndani ya mapango yenye maji, amejifunga kitambaa tu, akifundisha na kubatiza kutoka saa tatu mpaka saa kumi, kwa saa zetu hizi hizi. Alivumilia hivyo miaka miwili. Baada yake akaja Longino, askofu ambaye wakuu walimzuia asiondoke Konstantinopoli. Alikuwa na upara unaojulikana na kila mtu, kwa hiyo akavaa nywele za bandia akatoroka. Karibu mwaka 580 akafika Alodia, kwa kupita jangwani na ngamia, kwa sababu Makuria walitaka kumkamata njiani. Makuria nao walikuwa wamekwisha kuupokea Ukristo, lakini wa upande ule mwingine. Baada ya muda Nobadia na Makuria ziliungana chini ya mfalme mmoja, na kanisa lote la Nubia likawa chini ya Patriaki wa Iskanderia, Misri.

Kijana wangu, hapo una jibu la kwanza. Wafalme weusi wa bonde la Nile walibatizwa zaidi ya miaka 900 kabla Vasco da Gama hajaiona Malindi. Hakuna aliyewalazimisha kwa bunduki. Hata bunduki haikuwepo.

Na hawakuwa Wakristo wa jina. Walitengeneza herufi za lugha yao kutokana na Kigiriki na Kikopti, wakaongeza herufi chache za kale za Meroe, wakatafsiri Maandiko na sala katika Kinubia. Kanisa kuu la Farasi lilipakwa picha ukutani karne baada ya karne: malaika, mitume, wale vijana watatu katika tanuru ya moto, na maaskofu Wanubia wenye ngozi nyeusi, kila mmoja na mavazi yake ya kazi. Kanisa hilo lilifunikwa na mchanga. Miaka ya 1960, bwawa la Aswan lilipokuwa karibu kulizamisha eneo lote, wachimbuaji kutoka Polandi waliokoa picha zaidi ya 100. Nyingine zilikwenda Warszawa, nyingine zikabaki Khartoum.

Je, Uislamu ulipokuja? Hapa ndipo wengi tunapokosea historia. Tunadhani jeshi lilikuja, kanisa likafa siku hiyo. Sivyo. Waarabu waliitwaa Misri na mara moja wakapanda kusini. Mwaka 652 walifika Dongola yenyewe na mitambo ya kurusha mawe, wakaubomoa sehemu ya mji. Lakini wapiga mishale wa Nubia walikuwa na shabaha ya kutisha. Waarabu wenyewe waliandika kwamba waliwaita wapiga mboni za macho, kwa sababu askari wengi walirudi bila jicho. Mwishowe pande zote mbili zikakubaliana amani, na makubaliano hayo yakaitwa bakti. Kwa sehemu kubwa yalishika zaidi ya miaka 600.

Lakini nisiwafiche bei ya amani hiyo. Kila mwaka Nubia ilipeleka Misri watumwa 360, na Misri ikaleta ngano, dengu na nguo. Ufalme uliokuwa na misalaba juu ya makanisa yake ulilipa amani kwa watu. Katika magofu ya ngome ya Kasri Ibrimu ilipatikana barua ya mwaka 758, ambayo liwali wa Misri alimwandikia mfalme wa Nubia akilalamika kwamba analetewa chongo, viwete, wazee na watoto. Mnaona? Mfalme alijaribu kukwepa, lakini kwa kuwatoa walio dhaifu. Karibu mwaka 835 mfalme Zakaria alimtuma mwanawe Georgio mpaka Baghdad kuzungumza na khalifa, na mzigo ukapunguzwa ukawa wa kila miaka mitatu. Siwezi kuhubiri habari ya Nubia nikaiacha hiyo. Amani iliyolinda madhabahu ilikuwa na machozi ya watu ambao majina yao hayajaandikwa kwenye ukuta wowote.

Sasa, ikiwa upanga haukuliua kanisa, ni nini kililiua? Nimelisoma jambo hili tangu chuo cha Biblia, ambako somo la historia ya kanisa liliruka kutoka Agostino mpaka Luther na Nubia ikapata nusu ukurasa. Baadaye nikatafuta mwenyewe. Naona mambo matatu yaliyofuatana.

La kwanza ni ugomvi wa kiti. Desturi ya kale ya Nubia ilimpa mtoto wa dada ya mfalme haki ya kurithi. Kwa hiyo kila mara walikuwapo wawili, mwana wa mfalme na mpwa wake, na aliyeshindwa alikimbilia Kairo kuomba jeshi. Wakati huo Misri ilitawaliwa na Wamamluki, watu wa vita. Mwaka 1272 mfalme Daudi alishambulia bandari yao ya Aidhabu katika Bahari ya Shamu. Mwaka 1276 Sultani Baibarsi akatuma jeshi pamoja na mtu wa ukoo wa mfalme aliyekuwa na malalamiko, jina lake Shekanda. Daudi akaondolewa. Shekanda akavikwa taji kwa kuapa kumtumikia Sultani, na kila mtu mzima wa nchi akatozwa dinari moja kwa mwaka ili aachwe na dini yake. Kuanzia hapo aliyechagua mfalme wa Nubia alikaa Kairo.

Desturi hiyo ya mpwa ilifungua mlango mwingine pia. Viongozi wa Kiarabu waliohamia mpakani walioa mabinti wa ukoo wa kifalme. Mtoto aliyezaliwa alikuwa Mwislamu kwa upande wa baba, na mrithi wa kiti kwa upande wa mama. Mwaka 1317 mfalme Mwislamu wa ukoo huo huo, Abdallah Barshambu, alikigeuza ukumbi wa kifalme wa Dongola kuwa msikiti. Jengo lenyewe lingali limesimama, na jiwe lenye tarehe hiyo lilibaki ndani yake. Hakuna aliyevunja mlango. Aliingia mwenye nyumba.

La pili ni watu kupungua na kutawanyika. Wafugaji wa Kiarabu waliingia kwa wingi kutoka Misri, na ufalme uliokuwa ukigombania kiti haukuweza kuwazuia. Unaweza kuliona hili katika magofu yenyewe. Makanisa ya mwanzo ni makubwa, yana nafasi ya mji mzima. Yale ya mwisho ni madogo kama chumba cha kulala, na nyumba za wakati huo zimejengwa kwa ghorofa, ghala na maficho, kama za watu wanaolala na jicho moja wazi.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Kanisa la Nubia halikuweza kujizalia wachungaji. Kila askofu ilibidi awekewe mikono na Patriaki wa Misri, na bila askofu hakuna kasisi mpya. Kwa miaka 700 mpango huo ulifanya kazi vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeona hatari yake. Lakini Wakristo wa Misri nao walipobanwa, njia ya mto ikawa ngumu, na ule uzi mmoja ukaanza kukatika.

Tuna ushahidi wa mmoja wa mwisho kupita njia hiyo. Mwaka 1964, ndani ya kanisa kuu la Kasri Ibrimu, wachimbuaji walikuta kaburi la askofu Timotheo, bado amevaa mavazi yake ya safari. Pamoja na mwili wake kulikuwa na karatasi mbili ndefu za kukunjwa, moja ya Kikopti, nyingine ya Kiarabu. Zilikuwa barua za Patriaki Gabrieli za mwaka 1372, zikiwatambulisha watu kwamba huyu ndiye askofu wao. Alisafiri mpaka Misri, akawekewa mikono, akarudi na barua zake, na akazikwa nazo.

Ufalme mdogo wa Kikristo uliendelea kaskazini. Kuna hati ya mwaka 1484 inayomtaja mfalme Yoeli. Huko kusini, Soba ilianguka karibu mwaka 1500, na mwaka 1504 Wafunji wakaanzisha usultani wao wa Sennar. Baada ya hapo habari ya mwisho inatoka kwa mtu ambaye hukumtarajia.

Padre wa Kireno, Fransisko Alvares, alikaa Ethiopia kutoka 1520 hadi 1526 na akaandika aliyoyaona. Anasema akiwa katika baraza la mfalme wa Ethiopia, walikuja watu sita kutoka nchi ya Nubia. Hawakuomba jeshi. Hawakuomba chakula. Waliomba makasisi na watawa wa kuwafundisha. Walieleza kwamba askofu wao alikufa zamani, na kwa sababu ya vita hawakuweza kupata mwingine, na makasisi nao wakaisha mmoja baada ya mwingine mpaka imani ikawa inasahaulika. Msyria mmoja aliyepita nchi hiyo alimwambia Alvares kwamba makanisa 150 yalikuwa bado yamesimama, na misalaba ya zamani na picha za Bikira Maria zikiwa bado ukutani. Watu wake, alisema, hawakuwa Wakristo, wala Waislamu, wala Wayahudi, ila walikuwa na hamu ya kuwa Wakristo.

Na mfalme wa Ethiopia akawajibu nini? Akasema yeye mwenyewe askofu wake analetewa kutoka kwa Patriaki wa Iskanderia, katika nchi ya Waislamu. Atawapaje wengine kitu ambacho yeye mwenyewe anapewa? Wale sita wakarudi mikono mitupu.

Mpendwa, soma sentensi hiyo tena polepole. Makanisa 150. Kuta zipo, paa lipo, picha zipo. Hakuna mtu mmoja wa kuvunja mkate.

Ni haki niseme, kuna swali hapa. Ethiopia nayo ililetewa askofu kutoka Misri, mmoja tu kwa kawaida, mpaka karne ya 20, na kanisa lake halikufa. Tofauti ni nini? Moja ni milima. Ethiopia imejificha juu, Nubia ni ukanda mwembamba wa shamba kando ya mto, jangwa kushoto na kulia, Misri mlangoni. Nyingine ni kwamba askofu yule mmoja wa Ethiopia aliweka makasisi wengi mno, na vijijini kulijaa watawa na walimu waliolea watoto katika Zaburi tangu utoto. Hata askofu akichelewa miaka kadhaa, kijiji kilikuwa na wa kuendelea. Nubia kiti cha mfalme kilipoondoka, kanisa lililoegemea kiti hicho lilibaki limesimama kwa mguu mmoja.

Sisemi haya ili tuwachukie jirani zetu Waislamu. Wanubia wengi waliupokea Uislamu taratibu, kwa ndoa, kwa biashara, na kwa sababu mwalimu wa Kurani alikuwapo kijijini na kasisi hakuwapo. Mtoto hufundishwa na aliyepo. Hata karne ya 20 watafiti waliwakuta akina mama Wanubia, Waislamu wa vizazi vingi, wakimtia mtoto mchanga katika maji ya Nile na kumchora alama ya msalaba kwenye paji la uso. Ukiwauliza maana yake, ni desturi ya bibi tu. Ishara ilibaki, Neno lilikuwa limeondoka zamani.

Kwa nini nawaandikia hivi? Kwa sababu nimeona Nubia ndogo kwa macho yangu. Kuna kanisa la mashambani ninalolifahamu, la mabati mapya, viti vya plastiki na kipaza sauti kizuri. Mchungaji wake alihamishwa, na mwingine akasubiriwa kutoka mjini miezi 14. Wazee walikuwapo, akina mama waombaji walikuwapo, lakini hakuna aliyekuwa ameruhusiwa kufundisha wala kubatiza. Mchungaji mpya alipofika alikuta kufuli ina kutu. Miezi 14 tu, wala si miaka 140.

Paulo alilijua jambo hili. Katika Tito 1:5 anamkumbusha Tito kwamba alimwacha Krete ili aweke wazee katika kila mji. Kila mji, wapendwa, siyo mzee mmoja wa kutumwa kutoka Yerusalemu. Na katika 2 Timotheo 2:2 anahesabu vizazi vinne kwa pumzi moja: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Nubia walikuwa na Maandiko katika lugha yao, walikuwa na wasanii, walikuwa na mashujaa ambao majeshi yaliwaogopa. Walichopungukiwa ni kizazi kile cha nne.

Basi hili ndilo nimeliamua katika kanisa letu, na nalisema hadharani mnishike nalo. Mwezi huu nitawaita watu sita. Nimechagua hesabu hiyo kwa ajili ya wale sita waliorudi mikono mitupu. Watafundishwa Neno, watahubiri nikiwa nimeketi nawasikiliza, watabatiza nikiwa nimesimama kando ya maji. Na kila mmoja atatakiwa kuniletea jina la mtu anayemfundisha yeye.

Na wewe, kijana uliyeniuliza swali, jina lako ndilo la kwanza. Waambie wenzako chuoni kwamba Ukristo ulikuwa Afrika kabla ya mkoloni. Kisha jumamosi saa nne uje na Biblia na daftari.

Mungu awabariki. Shalom.

Mchungaji wenu